Simu, Nywila na Waifai: Kanuni Tatu Fupi kwa Watumishi Wanaofanya Kazi Nje ya Ofisi

Utangulizi

Mada hii inamhusu mtumishi ambaye kazi yake ni ya ofisi lakini mwenyewe hayuko ofisini. Hapa Kiwangwa mtu huyo anafahamika: ni afisa anayeandikisha wakulima wa mananasi shambani, karani wa chama cha ushirika anayemalizia hesabu nyumbani usiku, au mratibu wa mradi anayetuma ripoti akiwa nyumba ya wageni Bagamoyo mjini. Kifaa anachotumia mara nyingi ni simu yake mwenyewe, na bando ni la mfuko wake. Taasisi nyingi humkabidhi mwongozo wa usalama wenye kurasa nyingi, ulioandikwa kwa ajili ya ofisi yenye kompyuta zake na fundi wake, naye huusaini bila kuusoma. Ninapendekeza kanuni tatu tu, na hoja yangu iko katika mpangilio wake. Miongozo hiyo hutanguliza hatari ya waifai ya bure, ikafuatia nywila, na simu ikawekwa mwishoni. Kwetu mpangilio huo unapaswa kugeuzwa, kwa sababu namba ya simu ndiyo inayofungua kila kitu kingine.

Daftari la wakulima na mwizi wa simu

Tuchukue mfano wa daftari la wakulima lililotunzwa kama jedwali kwenye akaunti ya Gmail ya mtumishi. Lina jina la mkulima, namba yake ya NIDA, namba ya simu, ekari alizolima na deni lake la pembejeo. Simu ya mtumishi inaibwa mnadani. Mwizi hana haja ya kujua namba ya siri inayoifungua. Anachomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, anafungua ukurasa wa kuingia Gmail, anaandika namba ile ile ya simu, kisha anabonyeza sehemu ya aliyesahau nywila. Ikiwa akaunti haina ulinzi mwingine, msimbo wa kuirejesha unaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo sasa unaingia mkononi mwake. Hata nywila iwe ndefu namna gani, haikuguswa wala haikusaidia kitu, kwa kuwa mwizi amepita mlango wa pembeni.

Madhara hayaishii kwa mtumishi. Sasa mwizi anaweza kumpigia mkulima, akamtaja kwa jina lake kamili, akataja ekari zake na kiasi cha deni lake, kisha akamwambia alipe kwa namba mpya. Wakulima wameshazoea kupuuza ujumbe wa “ile pesa tuma kwa namba hii”, na wengi wanajua kuutuma kwa 15040. Mtu anayetaja deni lako mpaka shilingi ya mwisho ni mgumu kumpuuza. Kuna jambo jingine ambalo huwa tunalisahau. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi na siku. Mtu aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, namba yake hiyo imo ndani ya daftari letu. Kwa hiyo anayelipata daftari amepata majina pamoja na makisio ya namba za siri.

Hapo sheria nayo inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, tena aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale ulinzi huo unapovunjwa. Wajibu ni wa taasisi, hata kama simu iliyoibwa ni mali ya mtumishi.

Kanuni ya kwanza: simu na laini

Kanuni yenyewe inasomeka hivi: laini iwe kwa jina lako na iwe na namba ya siri, simu ijifunge yenyewe, na isikabidhiwe mtu ikiwa wazi. Tangu usajili kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe anayetambulika. Mtumishi anayetumia laini ya dada yake au ya mwajiri wake wa zamani anapaswa kujua kwamba mwenye jina anaweza kwenda dukani wakati wowote akapewa laini nyingine yenye namba hiyo hiyo, na misimbo yote ikahamia kwake. Kupiga *106# huonyesha usajili ulivyo. Namba ya siri ya laini, ambayo kwenye simu nyingi za Android huwekwa sehemu iitwayo SIM card lock, ndiyo ingemzuia yule mwizi wa mnadani: laini inapowekwa kwenye simu nyingine hudai namba hiyo kabla ya kupokea ujumbe wowote. Namba inayokuja na laini iko kwenye kadi iliyouzwa nayo, na haifai kubahatishwa. Ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini hufa. Pia ujumbe usionyeshwe kwenye kioo kilichofungwa, maana msimbo unaosomeka bila kufungua simu hauna siri tena.

Hatari nyingine iko kwa fundi simu, na wala hatuna haja ya kumshuku. Kioo kimepasuka, mtumishi anaiacha simu asubuhi, fundi anaomba namba ya siri ili aijaribu tachi baada ya kufunga kioo kipya, na simu inashinda mezani ikiwa wazi huku mafundi na wateja wengine wakipita. Tachi hujaribiwa vizuri bila kuifungua simu: kwa kamera, na kwa kibonyezo cha simu za dharura, vyote vikiwa kwenye kioo kilichofungwa. Anayepeleka simu kwa fundi achomoe laini na memori kadi kwanza. Memori kadi kwa kawaida haina ufunguo wowote, na picha za fomu za wakulima zilizomo husomeka kwenye simu yoyote.

Watumishi watasema, na wana haki, kwamba simu ni yao na mwajiri hana mamlaka ya kuwapangia. Jibu langu ni kwamba mwajiri asiyenunua simu asidai kuipekua, ila anaweza kudai daftari lisikae ndani yake bila ulinzi. Akaunti ya kazi itengwe na ya nyumbani, na mtoto anayeomba simu achezee afunguliwe upande wa mgeni pale simu inaporuhusu. Mwajiri naye alipie bando na matengenezo. Kanuni inayombebesha mtumishi gharama zote haitafuatwa, na lawama zitakuwa za aliyeiandika.

Kanuni ya pili: nywila

Kanuni ya pili: kila akaunti na nywila yake, kila mtu na akaunti yake, na akaunti ya barua pepe iwe na hatua ya pili. Nywila zikivuja kutoka tovuti moja hujaribiwa kwa mashine kwenye tovuti nyingine, hivyo nywila nzuri iliyotumika mahali pawili ni dhaifu kuliko ya wastani iliyotumika mahali pamoja tu. Urefu unasaidia kuliko alama ngumu: maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana hukumbukwa kwa urahisi na hayakisiki upesi kama jina la mtoto na mwaka. Zoea la kulazimisha watu wabadili nywila kila miezi mitatu liachwe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kulipendekeza mwaka 2017, kwa kuwa watu huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea. Nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imejulikana, au mtu anapoondoka kazini. Hapo ndipo ubaya wa akaunti moja ya watu watano unapoonekana: mmoja akiondoka, wanne wanapaswa kujifunza upya, kwa hiyo hakuna anayebadilisha.

Wapo watakaosema kwamba hatua ya pili haifai mahali ambapo mtandao unasumbua na msimbo unachelewa. Pingamizi hilo ni sahihi kwa msimbo unaokuja kwa ujumbe mfupi, ambao pia ndio ulioibwa katika mfano wetu. Programu ya kuzalisha misimbo, kama Google Authenticator, hufanya kazi bila mtandao kabisa, kwani misimbo hutengenezwa ndani ya simu kwa kufuata saa. Kwa ajili ya siku simu itakapopotea, Google hutoa mapema misimbo kumi ya akiba ambayo huchapishwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini. Anayedhani karatasi ni aibu akumbuke kwamba mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la nyumbani Kiwangwa.

Kanuni ya tatu: waifai ya bure

Kanuni ya tatu: tumia bando lako kwanza, na ukilazimika kutumia waifai ya watu, onyo la kivinjari ndilo mwisho wa safari. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Siku hizi tovuti na programu nyingi husafirisha taarifa zikiwa zimefungwa kwa ufunguo, kwa hiyo jirani wa meza ya pili haoni nywila yako kama ilivyokuwa zamani. Kilichobaki ni udanganyifu. Mtu anaweza kuwasha hotspoti yenye jina la nyumba ya wageni, kisha ukurasa wa kuingia ukadai nywila ya Gmail. Waifai halali inaweza kuuliza namba ya chumba, na kamwe haihitaji nywila yako ya barua pepe. Kivinjari kikiandika “Your connection is not private”, wengi hubonyeza kuendelea. Mtumishi aache hapo hapo. Akimaliza kazi aufute mtandao huo kwenye orodha, la sivyo simu inaweza kujiunga yenyewe na mtandao mwingine wenye jina lile.

Mwongozo wa nje ungesema hapa: tumia VPN. Tanzania ushauri huo hauwezi kutolewa kienyeji. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wasajili taarifa zake, ikirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Taasisi inayoihitaji iisajili yenyewe. Kumwambia mtumishi apakue ya bure ni kumweka matatani, na huko ni kumkabidhi mmiliki asiyejulikana mawasiliano ambayo tulitaka kuyaficha kwa mwenye waifai.

Hitimisho

Kanuni hizi tatu zinaenea kwenye nusu ukurasa na zinaweza kubandikwa nyuma ya daftari la shambani. Hazitamzuia kila mwizi, wala hazitamzuia mtumishi mwenyewe akiamua kuuza daftari. Zinafunga njia ambayo ni rahisi kuliko zote, ile ya laini iliyochomolewa. Ninaomba taasisi zilizowakilishwa hapa zianze na hatua moja kabla ya kuandika mwongozo wowote: kila mtumishi anayeshika taarifa za wakulima apige *106# na aweke namba ya siri kwenye laini yake leo, kabla hajaondoka ukumbini.