Jina la Kwenye Kadi na Mtu Aliye Kwenye Usukani: Tofauti Inayozua Mgogoro Wakati wa Madai

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mawakala wa bima



Kila gari lenye bima lina nafasi tatu za watu: aliyeandikwa kwenye kadi ya gari, aliyekata bima, na anayeliendesha siku zote. Zote tatu zikishikwa na mtu mmoja, dai halina utata wa majina. Katika familia zetu, hata hivyo, nafasi hizo mara nyingi hugawanyika, na hakuna anayeuliza mpaka gari lipate ajali kubwa.

Mfano: gari la baba, bima ya mwana

Tuchukue mfano. Mzee anayeishi Moshi ana gari ambalo kadi yake ina jina lake. Amempa mwanawe mwenye miaka 23, anayefanya kazi Dar es Salaam, alitumie. Kijana anakwenda kwa wakala, anataja namba ya gari na thamani ya shilingi milioni 18, analipa, na bima kubwa inatoka kwa jina lake. Wakala haombi kuona kadi.

Mwaka wa kwanza taa na bampa vinavunjika. Bima inailipa gereji na shauri linaisha. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa katika dai la matengenezo fedha zinakwenda kwa fundi na gari linabaki kwa aliyekuwa nalo. Swali la nani mwenye mali halijafika.

Mwaka wa pili gari linagongwa Chalinze na mkadiria hasara anasema halitengenezeki. Sasa kampuni inapaswa kulipa thamani ya gari na kuchukua mabaki. Ili iyachukue inahitaji kadi halisi na saini ya mwenye gari kwenye hati za kuhamisha umiliki. Kadi inasoma jina la mzee, ambaye hana mkataba wowote na kampuni. Mwenye mkataba ni kijana, lakini kilichoharibika si mali yake.

Msingi wa bima ni kwamba anayelipwa awe ndiye aliyepata hasara. Hasara ya kijana ni kukosa gari la kutumia. Hasara ya milioni 18 ni ya baba. Kampuni inaweza kukubali kwamba mtu aliyekabidhiwa gari ana maslahi ya kulilinda, na kadi peke yake si mwisho wa maneno kuhusu umiliki. Hata hivyo hayo ni mambo ya kujadiliana na kuthibitisha, tena wakati familia haina gari.

Kugeuza jina peke yake hakutoshi

Wengine hutibu jambo hili kwa kumwandika baba kuwa mkata bima na kunyamaza kuhusu kijana. Umiliki umenyooka, lakini taarifa imepinda. Kampuni ilipanga ada ikidhani gari linaendeshwa Moshi na mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi, kumbe liko kwenye foleni za Dar es Salaam kila siku na kijana. Mkataba wa bima unadai ukweli wote kuhusu jambo linalobadili hatari. Ukifichwa, kampuni inaweza kulikataa dai, hata kama aliyekuwa akiendesha alikuwa na leseni halali na ruhusa ya baba.

Gari lililouzwa, kadi haijabadilishwa

Hatari ni kubwa zaidi pale muuzaji anapokabidhi gari pamoja na bima yake. Mwaka 1938 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la Peters dhidi ya General Accident, ilikataa hoja kwamba mnunuzi aliendesha kwa ruhusa ya mkata bima. Gari likishakuwa lake, anaendesha kwa haki yake mwenyewe. Na bima haihamishwi bila kampuni kukubali. Stika iliyotolewa kwa jina la muuzaji haimlindi mnunuzi.

Mapendekezo

Kwanza, ombeni kadi kabla ya kutoa bima, na mlinganishe jina lake na la mwombaji. Pili, majina yakitofautiana, mkata bima awe mwenye gari, na mtumiaji mkuu aandikwe kwenye fomu ya maombi kwa jina, umri, leseni na mji anakoendesha. Kampuni ikiridhia, wote wawili waandikwe kwenye mkataba. Tatu, gari likiwa limenunuliwa, mteja akamilishe uhamisho wa umiliki TRA, kisha akate bima kwa jina lake. Nne, matumizi yakibadilika katikati ya mwaka, kampuni ijulishwe kwa maandishi na ithibitishe kwa maandishi.

Ada inaweza kupanda kijana akitajwa. Mwelezeni mteja hivyo bila kumficha, na msikubali kuandika jina la mtu asiyeendesha ili kumpunguzia gharama. Wakala anayeuza bima bila kuiona kadi anamwachia mteja mgogoro ambao angeuzuia kwa maswali mawili: gari ni la nani, na nani analiendesha kila siku?