Kutoka Ripoti ya Mechi Hadi Ujumbe kwa Mashabiki: Dakika Iliyoamua Mchezo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maofisa habari na makatibu wa klabu za soka za wilaya na mikoa



Niliombwa nianze na maana ya istilahi. Ripoti ya mechi ni maelezo ya mchezo yanayoandikwa na meneja wa timu au katibu kwa ajili ya uongozi: muda wa kuanza, magoli, mabadiliko ya wachezaji, kadi, majeruhi. Ujumbe kwa mashabiki ni maandishi mafupi yanayotumwa WhatsApp, Facebook au Instagram baada ya mechi. Haya tunayajua wote, sitayarefusha.

Ninalotaka kulizungumza ni tatizo moja ambalo nimelisema katika vikao vingi bila kuona mabadiliko, na nalisema tena bila kuilenga klabu yoyote iliyopo hapa. Ripoti inayotufikia ni kavu. Ofisa habari anapewa kazi ya kuichangamsha, na kwa kuwa hakuwepo uwanjani, au alikuwepo akishughulikia tiketi, anaongeza chumvi. Shuti linakuwa la mita 30, kipa anakuwa ameruka kama chui, wapinzani wanakuwa wamekiona cha mtema kuni. Walioiona mechi wanasoma na kujua kwamba hayo hayakutokea. Baada ya wiki chache hawauamini hata ujumbe wa kweli, na habari za timu wanazitafuta kwa watu wengine.

Tuchukue ripoti ya mfano, niliyoiandaa kwa ajili ya semina hii kwa mtindo ule ule tunaoupokea kila wiki:

"Mechi ilianza saa 10:00 jioni. Dakika ya 23 wageni walipata goli kupitia mpira wa kona. Mapumziko 0-1. Dakika ya 58 alitoka namba 11, akaingia namba 17. Dakika ya 71 tulisawazisha kupitia namba 17. Dakika ya 88 tulipata goli la pili kwa penalti kupitia namba 6. Mechi iliisha 2-1. Kadi za njano 3. Timu ilicheza vizuri."

Kazi ya kwanza ni kuikagua kabla ya kuandika chochote. Jumlisha magoli uone kama yanatoa 2-1. Angalia matokeo ya mapumziko kama yanalingana na dakika za magoli. Kisha linganisha dakika ya kila mfungaji na dakika aliyoingia au kutoka. Kama ripoti ingesema namba 17 alifunga dakika ya 54, ilhali aliingia dakika ya 58, basi ama dakika imekosewa ama mfungaji ni mwingine. Makosa ya namna hii ni mengi kwa sababu meneja huandika akiwa benchi huku akifuatilia mchezo. Mwisho, chukua fomu ya wachezaji ya siku hiyo uhakikishe namba 17 ni nani. Usitegemee kumbukumbu ya wiki iliyopita, maana jezi katika klabu zetu hubadilishana migongo.

Kazi ya pili ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo kiini cha mada hii. Soma ripoti ukitafuta dakika iliyoamua mchezo. Wengi watachagua dakika ya 88 kwa kuwa ndipo goli la ushindi lilipopatikana. Mimi naona uzi unaanza dakika ya 58, mabadiliko yalipofanyika, kwa sababu aliyeingia ndiye aliyesawazisha. Lakini ripoti ina pengo: penalti ilipatikanaje? Nani aliangushwa? Ripoti haisemi, na ofisa habari hana ruhusa ya kubuni. Anachotakiwa kufanya ni kumpigia simu meneja na kumuuliza mambo mawili tu: mpira ulitoka wapi kabla ya penalti, na kuna kitu gani alichokiona yeye akiwa benchi ambacho hakukiandika?

Katika mfano wetu, meneja anajibu kwamba beki wa wageni aliinua mkono akidai mpira umetoka, namba 17 hakusimama, akaufuata, akaangushwa ndani ya 18. Maelezo hayo hayakuwemo kwenye ripoti kwa sababu uongozi hauyahitaji. Shabiki anayahitaji. Matokeo keshayapata kwa simu kabla timu haijavua viatu. Anachotaka ni kujua ilivyokuwa.

Sasa ujumbe unaandikika:

*2-1! Pointi zote tatu zimebaki nyumbani.*
Tulienda mapumziko tukiwa nyuma kwa goli la kona. Dakika ya 58 mwalimu akamwingiza namba 17. Dakika ya 71 kijana akasawazisha. Dakika ya 88 beki wao akainua mkono akidai mpira umetoka. Kijana wetu hakusimama, akaufuata, akaangushwa ndani ya 18. Namba 6 akaweka mpira kwenye nukta, akafunga. Jumamosi tupo ugenini, basi linaondoka ofisini saa 3 asubuhi.

Kwenye ujumbe halisi, namba zitabadilishwa kuwa majina. Angalieni kilichoachwa: saa ya kuanza, kadi za njano, na ile sentensi ya "timu ilicheza vizuri", ambayo haimwonyeshi msomaji chochote. Matokeo yamekaa mstari wa kwanza, kwa sababu simu hukunja maandishi marefu na wengi huishia mistari ya mwanzo. Nyota mbili pembeni ya mstari huo ndizo zinazoukoleza kwenye WhatsApp. Ripoti inasema "tulisawazisha kupitia". Ujumbe unasema mtu akaingia, akafuata, akafunga. Uchangamfu umetokana na vitendo vya watu. Alama ya mshangao imetumika moja tu.

Siku ya kufungwa utaratibu ni huo huo. Andika 0-3 mstari wa kwanza, usiifiche chini ya shukrani kwa mashabiki. Kuhusu waamuzi naomba tahadhari kubwa. "Mwamuzi alitoa penalti dakika ya 80" ni taarifa. "Tumeonewa" ni shutuma, na klabu inaweza kuadhibiwa kwa shutuma za hadharani. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa maandishi kwenye mamlaka ya ligi, kwa utaratibu uliowekwa.

Mapendekezo yangu ni haya. Meneja aongeze mstari mmoja mwishoni mwa ripoti: goli la mwisho lilianzia wapi. Kila goli liandikwe na jina la mfungaji pamoja na namba yake. Meneja apokee simu ya ofisa habari katika nusu saa ya kwanza baada ya kipenga cha mwisho, wachezaji wakiwa bado wanabadilisha nguo, kwani baada ya hapo kumbukumbu huchanganyika. Ofisa habari asiandike umbali, kasi wala maneno ya mchezaji ambayo hakuambiwa na mtu aliyeyaona au kuyasikia. Ukaguzi wa dakika na namba ufanywe kila mechi, hata tukishinda, na hasa tukishinda, maana furaha ndiyo inayotufanya turuke hatua. Klabu iteue mtu mmoja wa kuidhinisha ujumbe, na mwingine wa kumkaimu akiwa safarini. Nimeshuhudia ujumbe wa mechi ya Jumamosi ukisubiri saini hadi Jumatatu, na hapo hakuna uandishi wowote unaoweza kuuokoa.

Narudia la simu, kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote na halihitaji bajeti. Makatibu mliopo hapa, kabla hamjatawanyika, naomba kila mmoja akubaliane na ofisa habari wake nani atampigia nani baada ya mechi ya wikiendi hii.