Barua ya Kingereza yenye kusomwa kwa Kireno: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa Kibumba



Wengi mulituomba tueleze kwa nini ile pesa ya siterne ilikawia. Tutaeleza, na hatutaficha kitu, kwa maana kosa lilikuwa letu wenyewe wa komite. Haikuwa banki, haikuwa barabara. Ilikuwa barua moja ya mistari mine.

Kibumba munaijua. Tunalima viazi na mashu, udongo ni muzuri, lakini chini ni mawe ya volkano, na mvua ikinyesha maji yanazama hapo hapo. Mutu hana paa lenye manjanja na kitu cha kupokea maji, sherti anunue bidoni. Njo maana tulitaka siterne moja kubwa kwenye nyumba yetu ya mikutano, na manjanja 12 ya kubadilisha yale yaliyotoboka wakati hatukuwepo. Hesabu yote ilifika dola 640.

Marafiki wetu wa Ureno wanasoma Kireno. Sisi tunaandika Kingereza, kwa sababu wale wetu waliokaa Uganda, Nakivale na Kyangwali, walirudi nacho. Kule kwao barua inawekwa katika mashini ya kutafsiri, halafu komite yao inasoma Kireno kilichotoka. Mutu mumoja tu kati yao anasoma Kingereza, na hakuwepo wiki ile.

Tuliandika hivi:

```
We demand 640 dollars for the tank of 5,000 litres
and the sheets. Eventually we will need the gutters.
Actually our animator can control the works.
Didn't you receive the photos?
```

Kwa sisi ilikuwa barua ya heshima. Lakini muangalie mashini inafanya nini nayo.

Tuanze na neno la kwanza. Sisi wa Kongo tunaandika Kingereza huku kichwa kinawaza Kifaransa. Kwa Kifaransa *demander* ni kuomba tu, mutoto anaomba mama yake chumvi. Kwa Kingereza *demand* ni kudai kwa nguvu, kama mutu anayepiga meza. Mashini haijui kama sisi tulisoma Kifaransa. Ilichukua Kingereza kama kilivyo, ikaandika *Exigimos*, yaani tunawalazimisha mutoe. Basi jiweke pahali pao: watu ambao unawaombea kila jumapili wanakuandikia, bila salamu, kwamba wanakulazimisha dola 640. Walinyamaza wiki tatu. Hawakukasirika, walituambia nyuma, walikuwa wanajiuliza kama kuna mutu mwingine ameshika imeli yetu.

Halafu *tank*. Kwa Kireno mashini inaweza kuandika *tanque*, na *tanque* ni pa kuwekea maji, lakini ni kifaru cha vita pia. Mutu wa Lisboa asikiapo Kivu ya Kaskazini, anawaza nini kwanza? Hatuhitaji kusema zaidi. Dawa yake ni neno moja tu: andika *water tank*, wala usichoke kurudia *water* kila mara, hata kama barua inakuwa nzito kidogo.

*Sheets* ndiyo ilituchekesha. Kwa Kingereza neno hilo ni karatasi, ni shuka la kitanda, na ni njanja la paa. Kireno kinayo maneno matatu mbali mbali: *folha* ni karatasi, *lençol* ni shuka, *chapa* ni njanja. Mashini sherti ichague moja, na kama hakuna kitu cha kuisaidia karibu na neno, inachagua kwa bahati. Walituuliza kwa upole kama shuka zitatosha. Ukiandika *metal roofing sheets*, haina tena pa kupotelea.

Kuhusu *5,000 litres*, hapo tulipaswa kuona sisi wenyewe, kwani shuleni kwetu pia tulifundishwa kwamba virgile inatenga desimali. Mureno naye anaandika hivyo. Kwa hiyo *5,000* ambayo Mwingereza anasoma elfu tano, yeye anaweza kusoma tano kamili. Siterne ya litre tano kwa dola mia sita! Mashini mara inageuza alama, mara inaiacha kama ilivyo, huwezi kuitegemea. Andika *5000*, bila alama yoyote katikati. Na tarehe vilevile: usiandike 3/4, kwa maana kwa mwingine ni tatu ya mwezi wa nne na kwa Mwamerika ni nne ya mwezi wa tatu. Andika jina la mwezi.

*Eventually* na *actually* ni watoto wa ugonjwa ule ule wa *demand*. Tuliwaza *éventuellement*, yaani pengine, na *actuellement*, yaani kwa sasa. Kwa Kingereza la kwanza ni «mwishowe itakuwa tu», na la pili ni «kusema kweli». Ajabu ni kwamba mara nyingine mashini inaandika *eventualmente*, ambayo kwa Kireno ni pengine, na hapo kosa letu na kosa lake zinakutana, barua inakuwa sawa. Siku nyingine inaandika vizuri kile Kingereza kinasema, na tunaonekana tumekwisha kuahidi gharama ya pili. Andika *perhaps*. Andika *now*. Na kwa *control*, kama unataka kusema mutu ataangalia kazi, andika *check*.

Swali la mwisho la barua, lile la picha, lilikuwa na ubaya wake. Kwetu mutu akiuliza «hamukupata picha?», unajibu «ndiyo», maana yake ndiyo, hatukupata. Kwa Kireno «sim» ya namna hiyo inachanganya. Walijibu neno moja, na komite ikabishana saa nzima kuhusu neno hilo. Uliza bila kukana: *Did you receive our photos?* Halafu ongeza *Please answer yes or no.*

Papa mumoja aliuliza kwenye mkutano: kama Kifaransa ndicho kinatuharibia, kwa nini tusiandike Kifaransa chenyewe? Swali ni la haki. Kifaransa na Kireno ni ndugu wa mama mumoja, na yale maneno ya mutego yangepungua sana: *demander* ingefika ikiwa kuomba, na *formation* yetu inafika salama kuwa *formação*. Kama ungekuwa unaandikia watu wasio na musomaji wa Kingereza, na Kifaransa chako ni kizuri, andika Kifaransa. Kwetu sababu ni yule mutu mumoja wao. Akiwepo, anasoma barua ya asili iliyo chini ya tafsiri na anaokota kosa. Kwa Kifaransa hakuna mutu wa kuokota.

Basi tukaandika upya. Angalieni ilivyo:

```
Subject: Water tank for Kibumba, 640 US dollars

Dear friends,
We ask you for 640 US dollars.
The money is for one plastic water tank (5000 litres)
and 12 metal roofing sheets.
Perhaps we will also need roof gutters.
We will tell you before 15 May.
Mrs. N. is our treasurer. She will send you the receipts.
Did you receive our photos? Please answer yes or no.
We are together.
```

Kila sentensi iko na wazo moja na inaisha kwa nukta ao kwa alama ya kuuliza. Neno *it* halipo, kwani mashini haiwezi kujua kama *it* ni siterne, ni pesa ao ni kazi. Tunarudia jina la kitu. Vijana wawili walisema inaonekana kama barua ya mutoto wa darasa la tatu. Ni kweli, na tuliiacha hivyo.

*Mrs. N.* haikuwekwa kwa mapambo. Kingereza hakisemi kama *treasurer* ni mwanamuke ao mwanaume, lakini Kireno sherti kiseme: *tesoureiro* ni baba, *tesoureira* ni mama. Mashini ikikosa alama, mara nyingi inachagua baba. Mama yetu wa kasha amepokea barua mbili zenye kuanza na «Senhor», na alizicheka, lakini banki haitacheka jina la karatasi likikuwa mbali na jina la kitambulisho.

Na hiyo *We are together* musiiondoe. Mwingereza anaweza kuiona ya ajabu kidogo, kwani ni «tuko pamoja» yetu iliyovaa nguo za Kingereza. Kwa Kireno inatoka *Estamos juntos*, na hayo njo maneno ambayo watu wa Angola na Msumbiji wanaagana nayo kila siku. Ni moja ya vitu vichache vya kwetu vinavyopita mashini bila kupasuka.

Sasa, namna ya kujua kabla ya kutuma. Weka Kingereza chako katika mashini, chukua Kireno kinachotoka, halafu geuza hicho Kireno. Wengi wanakirudisha kwa Kingereza, na hapo wanadanganyika: *sheets* inakuwa *folhas*, *folhas* inarudi *sheets*, na wewe unasema iko sawa. Kosa limejificha katika njia ile ile lilipopitia. Kirudishe kwa Kifaransa. Utaona *feuilles*, na utajua umeomba karatasi badala ya manjanja. Tulipojaribu barua ya zamani namna hii, *nous exigeons* ilitokea mustari wa kwanza kabisa. Dakika tano, na tungeokoa wiki tatu.

Kama mashini yako inakupa kuchagua Kireno cha Ureno ao cha Brazili, chagua cha wale wanaosoma. Siterne peke yake ina majina mengi: Mureno atasema *depósito*, Mubrazili atasema *caixa d'água*. Wataelewana, lakini neno la nyumbani linasomwa haraka.

Jaribio hili halioni kila kitu. Halitakuambia kama barua ni ya baridi ao ya moto, na halitaona hesabu uliyoandika vibaya tangu mwanzo. Kwa hiyo komite imekata hivi: barua yoyote yenye pesa, mutu wa pili anasoma tarakimu kwa sauti mbele ya risiti, na Kingereza cha asili kinabaki chini ya barua siku zote.

Barua mpya ilitumwa siku ya tatu. Jibu lilikuja kwa siku mbili: *sim* kwa picha, ndiyo kwa siterne na manjanja, na swali moja, *Quantos metros de calha?* Wanauliza ni metre ngapi za mufereji wa paa. Hatujapima bado. Mwenye kamba ndefu ya metre ailete jumamosi asubuhi, mvua ikiruhusu.