Ramani Inapopima Paa Badala ya Ardhi: Mwinuko wa Miji ya Pwani na Hatari ya Mafuriko



Mtu akionyeshwa ramani ya mafuriko, jicho lake hukimbilia rangi: nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Kabla ya kuiamini rangi hiyo, yafaa aulize mwinuko wa ardhi ulipimwaje. Swali hilo limekwisha kubadili hesabu ya dunia nzima.

Mwezi Februari 2000, chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11, kikipima mwinuko wa nchi kavu kwa mawimbi ya rada. Takwimu zake hupatikana bure, na kwa miaka mingi nchi zisizo na vipimo vyao vya kina zimezitegemea. Lakini mawimbi ya rada mara nyingi hayafiki ardhini. Penye miti hurudi kutoka kwenye matawi, na penye majengo hurudi kutoka kwenye paa. Ndiyo maana msitu wa mikoko kama ule wa delta ya Rufiji waweza kuonekana ramanini kama nchi iliyoinuka, ilhali kila mvuvi ajua kwamba tope lake hufunikwa na maji yanapojaa. Kosa la mita 2 si kitu kwa mwenye kupima Mlima Kilimanjaro. Ufukweni, kosa hilo ni tofauti kati ya nyumba kavu na nyumba iliyoingiliwa na bahari.

Mwaka 2019, watafiti Scott Kulp na Benjamin Strauss wa taasisi ya Climate Central walichapisha hesabu iliyosahihisha kosa hilo. Kwa takwimu za zamani, watu waishio kwenye ardhi iliyo chini ya kiwango cha maji kujaa walikadiriwa kuwa milioni 28. Baada ya masahihisho, idadi ilifika milioni 110. Bahari haikupanda kati ya hesabu hizo mbili. Kilichobadilika ni kipimo cha ardhi.

Kosa la pili limejificha kwenye sifuri. Mwinuko huhesabiwa kutoka usawa fulani wa bahari, na usawa unaokokotolewa kwa dunia nzima haulingani na bahari halisi ya kila pwani. Delta ya Mekong, nchini Vietnam, ndiyo iliyolifichua jambo hili vizuri kuliko mahali pengine. Takwimu za angani zilionyesha kwamba delta hiyo iko, kwa wastani, mita 2.6 juu ya bahari. Mwaka huohuo wa 2019, Philip Minderhoud na wenzake walitumia vipimo vilivyochukuliwa ardhini na kufungamanishwa na bahari ya palepale, wakapata mita 0.8 tu. Bahari ikipanda mita 1, hesabu ya kwanza inabakiza mita 1.6 za nchi kavu. Ya pili inaiweka nchi sentimita 20 chini ya maji.

Kwa hiyo maeneo yenye hatari kubwa zaidi ni delta na tambarare za Asia. Katika hesabu ya Kulp na Strauss, zaidi ya asilimia 70 ya watu walio kwenye ardhi ya namna hiyo wako katika nchi nane: China, Bangladesh, India, Vietnam, Indonesia, Thailand, Ufilipino na Japani. Jakarta ina tatizo jingine juu ya hilo, kwani ardhi yake inadidimia kwa sababu ya kuvuta maji mengi ya visima virefu. Kwa mji kama huo, hata kipimo sahihi huchakaa baada ya miaka michache.

Ramani ya mwinuko nayo ina mipaka yake. Haioni kuta wala pampu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya Uholanzi iko chini ya bahari na watu wanaishi humo. Wala haielezi mafuriko ya mvua na mito, kama yale ya bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambayo huhitaji hesabu nyingine.

Katika mwambao wetu, jambo la kukumbuka ni bamvua. Sifuri ya ramani nyingi ni wastani wa bahari, si maji kujaa. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4, yaani maji hupanda karibu mita 2 juu ya wastani huo. Kiwanja kilichoandikwa mita 1.5, kisipokuwa na kizuizi mbele yake, kinaweza kufikiwa na bahari hata siku isiyo na mvua wala upepo. Anayetaka kununua kiwanja karibu na mkondo wa bahari na amwombe mpima ardhi aliyesajiliwa apime kimo cha udongo wenyewe, aeleze sifuri yake ni ipi, kisha aonyeshe alama ya bamvua ya mwisho iko umbali gani chini ya msingi wa nyumba.