Kazi Isiyo na Mwenyewe: Tulivyokagua Jedwali la Kazi za Chama Chetu
Maelezo ya Kamati Ndogo ya Hesabu kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kabla mkutano huu haujaombwa kuchangia miradi ya mwaka mpya, Kamati Kuu ilitupa sisi wa hesabu kazi moja: tuangalie miradi ya zamani iliyoandikwa kwenye jedwali la kazi imefikia wapi. Jedwali hilo mnalifahamu. Liko kwenye Google Sheets, na kila kiongozi wa tawi anaweza kulifungua kwa simu. Kila mstari ni kazi moja, na safu zake ni namba, kazi, mhusika, hali, kiasi, tarehe ya mwisho, na tarehe ya habari ya mwisho tuliyopata kuhusu kazi hiyo.

Tulikuta mistari 64. Kati ya hiyo, 23 ilikuwa imeandikwa "Imekamilika" na 41 ilikuwa bado. Hiyo 41 ndiyo tuliyoihoji kwa maswali matatu: nani anaishughulikia, inatakiwa kuisha lini, na ni lini mara ya mwisho kitu chochote kimefanyika?

Tulianza na tarehe, kwa sababu tarehe mbovu huharibu hesabu nyingine zote. Jedwali letu lilifunguliwa zamani likiwa na mpangilio wa Marekani, ambao husoma mwezi kwanza. Mtu akiandika 25/03/2025, kompyuta haioni mwezi wa 25, basi inayaacha hayo kama maneno tu. Akiandika 03/04/2025 akimaanisha tarehe 3 Aprili, inaipokea kama tarehe 4 Machi bila kulalamika. Ile ya kwanza unaitambua kwa macho: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ile ya pili haionekani mpaka uilinganishe na risiti au muhtasari wa kikao. Tulibadili mpangilio kuwa unaosoma siku kwanza kwenye `File > Settings > Locale`, lakini hilo husaidia yatakayoandikwa kuanzia hapo. Yaliyokwisha kuandikwa tulilazimika kuyapitia moja moja.

Baada ya hapo ndipo tulipoandika fomula. Ya kwanza inahesabu kazi ambazo hazijakamilika na hazina mhusika, ya pili zile zisizo na tarehe halisi ya mwisho, na ya tatu inaorodhesha zilizokaa zaidi ya siku 90 bila habari:

```
=SUMPRODUCT((D2:D65<>"Imekamilika")*(TRIM(C2:C65)=""))
=SUMPRODUCT((D2:D65<>"Imekamilika")*(1-ISNUMBER(F2:F65)))
=FILTER(A2:G65, D2:D65<>"Imekamilika", G2:G65<TODAY()-90)
```

Lile neno TRIM tuliliweka kwa sababu kuna visanduku vinavyoonekana vitupu, kumbe mtu aligusa kitufe cha nafasi akaondoka. ISNUMBER inakataa majibu kama "baada ya mavuno" au "Pasaka", ambayo sisi watu tunayaelewa lakini hayawezi kupita tarehe, kwa hiyo kazi hiyo haitachelewa kamwe. Siku 90 tulizichagua kwa kuwa Kamati Kuu hukutana kila baada ya miezi 3. Kazi iliyopita muda huo bila neno lolote, kikao kizima kimepita juu yake.

Fomula hazikutosha kwa upande wa wahusika. Visanduku vitupu vilikuwa 7. Vingine 5 vilikuwa na neno "Kamati" au "Wote", na kazi ya wote huwezi kumpigia mtu simu kuiulizia. Viwili vilikuwa na majina kamili, ila mmoja wa ndugu hao alihamia mkoa mwingine na hayumo tena katika tawi lake, na mwingine ametangulia mbele ya haki. Kwa kompyuta jina lipo, mstari ni mzima. Hayo hugunduliwa na mtu anayewajua watu tu, ndiyo maana tulisoma safu ile pamoja na makatibu wa matawi, jina kwa jina.

Jumla ikawa hivi: kazi 14 bila mhusika, 19 bila tarehe, 22 zimelala. Msizijumlishe, maana mtapata 55, na kazi zote zilikuwa 41. Mstari mmoja unaweza kuwa na kasoro mbili au tatu. Tulipohesabu mistari yenyewe, 31 ilikuwa na angalau kasoro moja, na 8 ilikuwa na zote tatu. Kwetu wahasibu hizo 8 ni kama deni lisilo na jina la mdaiwa wala tarehe ya kulipa. Tulianza nazo.

Mfano wake mmoja unawahusu moja kwa moja. Mstari wa 17 uliandikwa "Tangi la zahanati". Mhusika: Kamati. Tarehe ya mwisho: baada ya mavuno. Hali: Inaendelea. Habari ya mwisho ilikuwa ya miezi 11 iliyopita. Chini zaidi, mstari wa 52 uliandikwa "Kununua tangi lita 5,000, chumba cha kujifungulia", bila mhusika na bila tarehe, lakini ukiwa na kiasi cha fedha. Mstari huu wa pili ulikuwa umeshaingizwa kwenye rasimu ya michango ya leo.

Tulifanya mambo mawili. Kwenye jalada la hati za malipo tulikuta risiti ya tangi la lita 5,000, limelipwa na limepokelewa. Kisha tukampigia simu mganga mfawidhi wa zahanati. Alisema tangi lipo, limelazwa nyuma ya jengo tangu lilipoletwa, na wanaokuja kujifungua bado ndugu zao wanawachotea maji kwa ndoo. Fundi alikuja mara moja, akaona jukwaa la mbao lililokuwapo, akakataa kulipandisha. Alikuwa sahihi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi hilo likijaa ni tani 5, na mbao zile zisingelibeba. Lilihitaji jukwaa la matofali lenye zege juu, na jukwaa hilo hakuna aliyeliandika popote kama kazi.

Kwa hiyo "Inaendelea" ilikuwa inaficha mambo matatu: ununuzi ulioisha, ujenzi usioanza, na mabomba yanayosubiri ujenzi. Na mstari wa 52 ulikuwa kazi ileile kwa jina lingine, umeandikwa na mtu aliyeona zahanati haina maji akadhani tangi halijanunuliwa. Tusingeuliza, leo mngechangia tangi la pili likalale kando ya la kwanza.

Mstari wa 52 tumeufunga kwa maelezo "umejirudia, tazama 17". Mstari wa 17 tumeubadili jina kuwa "Jukwaa, mifereji na mabomba ya tangi la zahanati", tukaweka namba ya risiti ya ununuzi, na mhusika ni katibu wa tawi la nyumbani, aliyekubali mwenyewe. Tumeongeza safu mpya iitwayo "Hatua inayofuata". Hapo imeandikwa: kupata makisio ya fundi wawili. Tarehe ya mwisho iliyowekwa ni ya makisio hayo, siyo ya maji kutoka bombani, kwa sababu ya makisio ndiyo tunayoweza kuiahidi sasa.

Mistari mingine tuliipitia kwa utaratibu huohuo. Kwanza tulitengeneza nakala ya jedwali zima na kuifunga isihaririwe, ili anayetaka kujua lilikuwaje kabla yetu aone. Hatukufuta mstari hata mmoja. Kila kazi iliyofungwa imehamishiwa karatasi ya "Zilizofungwa" ikiwa na sababu na jina la aliyethibitisha. Hatukumwandika mtu kabla ya kuzungumza naye na yeye kukubali. Na tulikataa njia ya mkato ya kujaza 31 Desemba kwenye kila kisanduku kisicho na tarehe halisi. Kufanya hivyo kungeifanya ile fomula ya pili ilete sifuri, na tusingejua lolote jipya.

Kazi zinazosubiri kitu kisicho mikononi mwetu, kama kibali au mvua kuisha, zimepewa hali ya "Inasubiri". Hizo nazo zina tarehe, lakini ni tarehe ya sisi kuuliza tena.

Kati ya mistari 31 yenye kasoro, 9 ilikuwa kazi zilizokwisha kufanyika ambazo hakuna aliyezifunga. Tulizifunga baada ya kuona risiti au kupata uthibitisho wa mwalimu mkuu au mganga. Mistari 6 ilikuwa imejirudia. Mistari 5 Kamati Kuu imeamua kuiacha, na sababu zimeandikwa. Iliyobaki 11 ni kazi za kweli, na sasa kila moja ina mtu na tarehe.

Mkaguzi akipita upande mmoja tu amefanya nusu ya kazi. Tulirudi pia kwenye ile 23 iliyoandikwa "Imekamilika" tukaomba uthibitisho wa kila moja. Miwili haikuwa nao: madawati yaliyolipiwa lakini hayajafika yote, na uzio uliojengwa pande tatu. Hiyo tumeirudisha kwenye orodha. Kwa hiyo leo kazi zilizo wazi ni 23: zile 10 zilizokuwa safi tangu mwanzo, 11 tulizorekebisha, na hizo 2.

Usafi huu hautadumu wenyewe. Jedwali huanza kuchakaa siku mtu anapohama au kikao kinapoahirishwa. Tumependekeza, na Kamati Kuu imekubali, kwamba wiki moja kabla ya kila kikao Katibu atafungua zile fomula tatu na kuwapigia simu wahusika wa mistari itakayojitokeza. Na tarehe ya "Habari ya mwisho" isibadilishwe kwa sababu mtu amesahihisha tahajia. Ibadilike kuna risiti, barua, picha au jibu la simu.

Ndugu zetu, orodha ya michango iliyochapwa katika kijitabu hiki imetokana na kazi hizo 23 tu. Tangi halimo tena. Kilichomo ni matofali, saruji, nondo na mabomba ya kulisimamisha lile tulilonalo. Pembeni mwa kila mradi kuna jina na tarehe. Tunawaomba kabla ya kuahidi mchango mwangalie jina hilo, na mkimwona ukumbini mumuulize amefikia wapi. Ameshakubali kuulizwa.