Umesailiwa kwa Nafasi Moja, Unapigiwa Simu kwa Nyingine

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya wajumbe wa kamati za sharika wanaosimamia vijana wanaotafuta ajira)



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu mmetuletea kwa maswali. Kijana anaitwa kwenye usaili, anajibu vizuri, anarudi nyumbani kusubiri. Baada ya wiki moja au mbili anapigiwa simu na afisa wa ajira: "Tumekupenda, lakini tunaona ungefaa zaidi kwenye nafasi nyingine hapa hapa kwenye kampuni." Kijana anafurahi, anasema ndiyo kabla simu haijakatwa. Wengine huudhika, wanasema hapana papo hapo. Kwa maoni yetu wote wawili wamejibu mapema mno.

Tutaeleza kwa kutumia mfano wa binti mmoja tuliyemsindikiza, kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote tunayotaka kuyasema. Binti huyu ana stashahada ya uhasibu na anaishi na wazazi Moshi. Alisailiwa na taasisi ya mikopo midogo midogo kwa nafasi ya mhasibu msaidizi, kituo Moshi, mshahara shilingi 550,000 kwa mwezi. Siku ya tisa baada ya usaili alipigiwa simu. Nafasi aliyotajiwa sasa ni afisa mikopo, kituo Babati, mshahara shilingi 400,000 na marupurupu yanayoweza kufika shilingi 250,000. Yule afisa wa ajira alimalizia kwa kusema, "Kwa hiyo ukifanya kazi vizuri unapata 650,000, zaidi ya ile ya kwanza." Alitaka jibu siku hiyo hiyo.

Kwanza tuielewe simu yenyewe. Simu ya namna hii huwa na maana moja kati ya tatu. Huenda nafasi ya kwanza imekwisha kupewa mtu mwingine, na kwa kweli jopo la usaili limekupenda. Huenda nafasi ya kwanza haijaamuliwa, wewe ni wa pili kwenye orodha, na hawataki kukupoteza. Au nafasi ya pili ni ile ambayo watu hawakai, na afisa wa ajira anaijaza kila baada ya miezi michache. Kwa sauti ya simu huwezi kuzitofautisha, zote zinaanza na sifa. Tukumbuke pia kwamba wakala wa ajira wa nje kwa kawaida hulipwa na kampuni pale nafasi inapojazwa, na afisa wa ndani hupimwa kwa nafasi alizojaza. Hilo si kosa lao, ndiyo kazi yao. Lakini kijana ajue kwamba anayempigia ana haja yake pia.

Kwa hiyo swali la kwanza, na liulizwe kwa upole, ni hili: "Je, nafasi niliyosailiwa imekwisha kupata mtu, au bado ninafikiriwa?" Binti wetu aliuliza. Jibu lilikuwa, "Bado jopo linaendelea, lakini hii ya pili iko tayari." Hapo alijua kwamba hakuna mlango uliofungwa. Angesema ndiyo kwa Babati bila kuuliza, jina lake lingetolewa kwenye orodha ya Moshi, na hakuna ambaye angemwambia.

Jambo la pili ni kutojibu kwenye simu. Kijana ashukuru, aombe maelezo ya kazi kwa maandishi, na ataje siku atakayotoa jibu. Siku mbili au tatu zinatosha. Akichukua wiki nzima wataona hataki. Binti huyu aliandika barua pepe jioni ile ile, na tumeomba ruhusa yake tuwasomee:

"Nashukuru kwa simu yako ya leo na kwa kunifikiria kwa nafasi ya afisa mikopo Babati. Ningependa kuendelea kufikiriwa kwa nafasi ya mhasibu msaidizi niliyosailiwa hadi jopo litakapoamua. Wakati huo huo niko tayari kuijadili nafasi ya Babati. Ili nikujibu ifikapo Alhamisi, naomba maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama inawezekana nizungumze kwa dakika chache na meneja wa tawi."

Mnaona ni barua fupi. Haina kulalamika kwamba ameshushwa, wala haina kujikomba. Imeshika nafasi zote mbili mkononi. Na imeomba kuzungumza na meneja wa tawi, kwa sababu afisa wa ajira mara nyingi hajui kazi ya kila siku ikoje, lakini meneja anaijua.

Sasa tufike kwenye hesabu, na hapa tunaomba uvumilivu wenu. Tulikaa naye na karatasi. Akiwa Moshi angekaa nyumbani. Nauli na chakula cha mchana tulikadiria shilingi 100,000 kwa mwezi, abaki na 450,000. Babati ni karibu kilomita 250 kutoka nyumbani. Angepanga chumba kwa 60,000 na kula kwa 150,000, abaki na 190,000. Akipata marupurupu yote, anafika 440,000. (Kodi na makato ya NSSF hatukuyagusa, yapo pande zote mbili.) Kwa maneno mengine, hata mwezi ule mzuri kuliko yote asingeifikia ile kazi ya kwanza, na ikiwa marupurupu hayapo angebaki na chini ya nusu yake. Kila kitu kilitegemea marupurupu. Kwa hiyo swali likawa: yanapatikanaje?

Maelezo ya maandishi yalisema yanalipwa ikiwa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 haizidi asilimia 5 ya mikopo yote ambayo afisa anaisimamia. Wale wenye uzoefu wa VICOBA au SACCOS wanafahamu jinsi kipimo hiki kilivyo kikali. Mkopaji akichelewesha rejesho moja tu likapita siku 30, haihesabiwi rejesho lile peke yake, bali salio lote la mkopo wake. Afisa mpya haanzi na daftari tupu. Anakabidhiwa vikundi vya afisa aliyeondoka, pamoja na madeni yake.

Ndiyo sababu tulimshauri amwulize meneja maswali mawili tu: vikundi nitakavyokabidhiwa vina mikopo ya kiasi gani, na kati yake iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni kiasi gani? Meneja alikuwa mtu mkweli. Alisema mikopo yote ni shilingi milioni 80, iliyochelewa ni milioni 9.6. Hiyo ni asilimia 12. Ili kufika asilimia 5 ilibidi iliyochelewa ishuke hadi milioni 4, yaani akusanye au arekebishe milioni 5.6 ya madeni aliyoyaacha mtu mwingine, kwa watu asiowajua, kabla ya kuona senti ya marupurupu. Ipo njia nyingine ya kushusha asilimia, nayo ni kukopesha zaidi ili jumla ikue. Kwa hesabu ile angehitaji kuifikisha jumla milioni 192. Maafisa wengi wachanga huangukia hapo: wanakopesha ovyo ili asilimia ipungue, na baada ya miezi sita ile mikopo mipya nayo inachelewa.

Swali la tatu alilifikiria mwenyewe, nasi tulilipenda: ni watu wangapi wameshika nafasi hii kwa miaka miwili iliyopita? Jibu: watatu.

Alhamisi aliandika tena. Hakusema hapana. Alisema yuko tayari kwa Babati kwa masharti mawili: madeni yaliyochelewa kabla ya siku yake ya kwanza yabaki kwenye hesabu ya tawi kwa miezi sita, asipimwe nayo, na mafuta ya pikipiki yawe juu ya taasisi. Mshahara aliomba 450,000. Hapa tuseme neno kuhusu mshahara. Kiasi ulichokitaja kwenye usaili wa kwanza hakikufungi kwenye kazi ya pili, kwa kuwa kazi ni nyingine. Ni haki kusema, "Kile kilikuwa cha kazi ya ofisini kituo cha nyumbani, kwa kazi hii naomba hiki." Lakini liseme mapema, si siku ya kusaini.

Wiki mbili baadaye nafasi ya Moshi ilipata mtu mwingine. Taasisi ikarudi kwake ikakubali jambo la madeni ya zamani na la mafuta. Mshahara ikaukatalia, ukabaki 400,000. Binti akakubali. Kabla ya kusaini aliomba yale mawili yaandikwe ndani ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi, ikiwa ni pamoja na kazi yenyewe, kituo, saa, na malipo na jinsi yanavyokokotolewa. Marupurupu ni sehemu ya malipo, na sharti lake liandikwe. Kama kijana tayari ana kazi kwa malipo ya mwezi, notisi yake ni siku 28 zisizopungua. Asiandike barua ya kuacha kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote.

Mwisho, jambo linalowagusa ninyi wajumbe moja kwa moja. Wazee wa usharika mara nyingi huombwa kusaini fomu ya udhamini. Mliyesaini fomu kwa ajili ya mhasibu msaidizi hamjamdhamini afisa mikopo. Yule wa kwanza anakaa na vitabu. Huyu wa pili anatembea na fedha za marejesho vijijini. Nafasi ikibadilika, ombeni fomu mpya na msome sehemu inayosema mdhamini atalipa nini fedha zikipotea. Kwa upande wa mfanyakazi mwenyewe, sheria hiyo hiyo inasema mwajiri hawezi kumkata mshahara kwa hasara mpaka ionekane ni kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mdhamini hana kinga hiyo isipokuwa ile iliyoandikwa kwenye fomu yake. Kwa binti wetu, fomu ya kwanza haikuwa na kikomo cha kiasi. Mzee wa usharika wake aliirudisha, ikaletwa nyingine yenye kikomo cha shilingi 1,000,000, akasaini.