Euro Elfu Moja Zikifika Mbinga

Ndugu wanakamati wa Kingerikiti, benki huandika bei mbili ubaoni. "Kununua" maana yake benki inanunua kwenu (wengi husoma kinyume). Ndiyo bei yenu mnapobadilisha euro za wafadhili. Tuseme inanunua kwa shilingi 2,700, inauza kwa 2,860. Katikati ni 2,780. Euro 1,000 zitawapa 2,700,000 badala ya 2,780,000. Shilingi 80,000 zimebaki benki, hata kama risiti inasema hakuna ada. Ikikatwa na ada ya 30,000, gharama halisi ni 110,000, karibu asilimia 4. Siku hiyo hiyo tazameni bei ya wastani inayotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, kisha ulizeni benki mbili: mkononi tutapata shilingi ngapi?